Kuzimua Asidi: Nusu ya Pili ya Kanuni

Mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya sekondari, nilimwaga asidi meza nzima huku nikiwa nimefuata kanuni neno kwa neno. Kanuni yenyewe kila aliyesoma kemia anaijua kama wimbo: asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Nilitanguliza maji, kiasi cha mililita 400. Bika kubwa zote zilikuwa zimeazimwa, nikatumia mtungi wa juisi wa kioo kinene. Kisha nikamimina asidi ya salfuriki iliyokolea, zaidi ya mililita 100, kwa mkupuo mmoja, maana mtihani wa vitendo ulikuwa kesho yake asubuhi na jua lilishaanza kuzama.

Haikupita nusu dakika nikasikia mlio mdogo, "ta!", kama wa bilauri baridi iliyotiwa chai ya moto. Nilipouinua mtungi, kitako kilibaki mezani. Maji ya moto yenye asidi yakatambaa juu ya meza, yakaanza kudondoka sakafuni karibu na viatu vyangu. Sikuungua, lakini koti langu la pamba lilipofuliwa wiki ile lilirudi na matundu mengi kama chekecheke.

Mzee aliyekuwa akiniongoza kazini alikuja na ndoo ya mchanga. Hakufoka. Alinisaidia kusafisha, kisha akasema: "Kanuni umeifuata, kijana, lakini umefuata nusu. Asidi ndani ya maji, sawa. Maji kiasi gani? Na kwa mwendo gani?"

Makala haya yanahusu nusu hiyo ya pili.

Kimiminika chenye kiu

Kiswahili kina jozi nzuri ya maneno kwa kazi hii. Chai iliyowekwa majani mengi imekolea. Ukiiongezea maji umeizimua. Asidi ya salfuriki, ambayo wanakemia huiandika H₂SO₄, kwa kawaida hufika maabara ikiwa imekolea karibu kabisa: katika kila gramu 100, gramu 98 hivi ni asidi yenyewe na zilizobaki ni maji. Kazi za kila siku hazihitaji ukali huo. Mwanafunzi anayepima asidi kwa besi, au anayetengeneza chumvi ya shaba, anahitaji asidi iliyozimuliwa mara tisa, mara kumi, au zaidi sana.

Anayeishika chupa yake kwa mara ya kwanza hushangazwa na uzito. Lita moja ya maji ina kilo moja. Lita moja ya asidi hii ina kilo 1.84. Chupa ya lita 2.5 inavuta mkono kwa zaidi ya kilo nne na nusu, bila kuhesabu kioo. Ukiiinamisha, haitiririki kwa wepesi wa maji. Inateleza taratibu kama mafuta ya kupikia.

Lakini sifa yake kubwa ni kiu. Inayavuta maji popote yalipo. Ukiimwagia sukari, inanyang'anya sukari hiyo hidrojeni na oksijeni kwa umbo la maji, na kinachobaki ni makaa meusi yanayofura kama mkate. Ikikaa wazi katika hewa nzito ya pwani, hufyonza unyevu na kuongezeka ujazo huku ikipungua ukali. Inapokutana na maji matupu, kiu hiyo hutulizwa kwa ghafla, na joto jingi hutolewa. Moli moja ya asidi, yaani gramu 98, ikizimuliwa kwa maji mengi hutoa joto la kilojuli 70 hivi. Hilo linatosha kuchemsha kikombe kimoja cha maji ya bomba.

Joto hilo huwezi kulizuia. Litatoka tu. Unachoweza kuamua ni litoke wapi, na litoke haraka kiasi gani.

Kwa nini mpangilio una maana

Tuanze na kosa lenyewe: maji yanamiminwa juu ya asidi. Maji ni mepesi, kwa hiyo hayazami. Yanaelea juu kama utando, na pale yanapogusana na asidi ndipo joto lote linapozaliwa, katika ukanda mwembamba kuliko unene wa kidole. Kila gramu ya maji ya mwanzo inayoingia katika asidi hiyo huzalisha joto linaloweza kuitoa gramu hiyo hiyo kwenye joto la chumba hadi kuchemka, tena zaidi ya mara nne. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, ilhali asidi iliyokolea huhitaji zaidi ya nyuzi 300. Maji yanageuka mvuke papo hapo, mvuke unalipuka kutoka juu ya asidi, na unapoondoka unabeba matone ya asidi ya moto. Matone hayo hurukia juu, mahali ambapo uso wa mchanganyaji umeinama kutazama.

Geuza sasa. Asidi inateremka ndani ya maji. Kwa kuwa ni nzito, inazama yenyewe, na njiani inapasha maji mengi baridi yanayoizunguka. Maji yana uwezo mkubwa wa kubeba joto. Gramu kwa gramu, yanabeba karibu mara tatu ya asidi kabla ya kupanda nyuzi moja. Na hata kama pafu moja la mchanganyiko litaruka, litakuwa maji yenye asidi kidogo, si asidi yenye maji kidogo. Tofauti hiyo ndiyo hutenganisha jicho lililowasha na jicho lililopotea.

Kuzama kwenyewe, hata hivyo, kuna mtego. Asidi inayomiminwa polepole bila kukorogwa inaweza kuteremka hadi chini na kulala hapo kama asali chini ya bilauri. Juu kunaonekana shwari, kipimajoto kinasoma nyuzi 30, na mchanganyaji anadhani kazi inakwenda vizuri. Kisha anakoroga. Tabaka lote la chini linakutana na maji kwa wakati mmoja, na joto alilodhani halipo linatoka lote kwa pamoja. Ndiyo maana kukoroga huanza kabla ya tone la kwanza na hakukomi hadi la mwisho. Jicho nalo husaidia: asidi inapoingia, utaona ndani ya maji mistari inayocheza, kama hewa inayotetemeka juu ya lami mchana wa jua kali. Mistari ikipotea haraka, unakoroga vya kutosha. Ikijikusanya chini, simama, usimimine zaidi. Koroga taratibu mpaka iishe.

Hesabu ya mtungi wangu

Turudi kwenye mtungi uliopasuka. Nilikuwa natafuta lita moja ya asidi ya molari 2, yaani yenye moli mbili katika kila lita. Ni hifadhi ya kawaida ya shule. Kutoka hapo mtu huzimua tena kupata ile hafifu ya wanafunzi.

Kwanza tujue chupa ina nini. Lita moja ya asidi iliyokolea ina gramu 1,840, na asilimia 98 yake ni gramu 1,803 za asidi halisi. Gawanya kwa 98, uzito wa moli moja, unapata moli 18.4 katika lita. Nilihitaji moli 2. Gawanya 2 kwa 18.4, jibu ni lita 0.109, yaani mililita 109. Namba hizi za asilimia na uzito wa lita huandikwa kwenye lebo ya chupa. Zisome kila mara, kwa sababu si kila chupa ina 98.

Hapo sikukosea. Kosa lilikuwa kwenye mililita 400 za maji. Moli mbili za asidi zingetoa joto lile lile kwenye chombo chochote, lakini nililipa maji machache ya kulibeba. Ukipiga hesabu, mililita 109 zikiingia kwa mkupuo kwenye mililita 400, mchanganyiko hupanda kwa nyuzi 70 hivi. Maji yangu yalikuwa na nyuzi 26 au 27. Basi nilikaribia nyuzi 100, kwenye kioo cha juisi kisichotengenezwa kwa kazi hiyo. Kioo kinene, upande wake mmoja ukiwa wa moto na wa pili ukiwa juu ya meza ya saruji yenye ubaridi, hakitanuki sawasawa. Hupasuka.

Asidi ile ile ikiingia kwenye mililita 800 za maji, joto hupanda kwa nyuzi 40 hivi, hata ukiimimina yote bila kupumzika. Ukiigawa mafungu na kukipoza chombo kwa nje, hutafika hata huko. Maji yangu yote ya lita moja yangepaswa kuingia mapema, isipokuwa kiasi kidogo cha kukamilishia mwishoni. Mimi niliacha zaidi ya nusu yake kwenye ndoo, eti nitaongeza baadaye.

Namna Mzee alivyonionyesha

Kesho yake alfajiri tuliirudia kazi ile pamoja. Alianza kwa mavazi: miwani inayoziba pande zote, na juu yake ngao ya uso, aproni ya mpira ndefu, viatu vya kufunika, glavu nene za mpira. Glavu nyembamba za hospitali alizikataa, kwa sababu asidi iliyokolea huzipenya upesi na aliyezivaa hujiamini bure. Alifungua madirisha, akahakikisha bomba linatoa maji, kisha akaweka ndoo ya mchanga na pakiti ya magadi ya kuokea karibu na mlango.

Bika safari hii ilikuwa ya lita 2, ya kioo kinachostahimili joto, ile inayotumika juu ya kichomeo. Aliikalisha ndani ya karai lenye maji baridi na vipande vya barafu, maji ya karai yakifika nusu ya kimo chake. Barafu ilibaki nje ya bika. Ndani alitia mililita 800 za maji yaliyokenekwa, akaning'iniza kipimajoto na kunikabidhi kijiti cha kioo. Mbao hairuhusiwi, kwa kuwa asidi huichoma ikawa makaa. Kijiko cha bati wala cha alumini hakifai pia, kwani asidi iliyozimuliwa hukila na kutoa hidrojeni, gesi inayoshika moto.

Silinda ya kupimia aliigeuza juu chini, akaitazama mwangani. "Unaona kama ni kavu?" aliniuliza. Ilikuwa kavu. Matone machache ya maji yaliyobaki chini ya silinda yangekuwa maji yaliyotangulia asidi nyingi mahali padogo, na silinda haijatengenezwa kuhimili joto. Alipima mililita 109 polepole, silinda ikiwa mezani na macho yake usawa wa mstari, kisha akaifunga chupa kubwa na kuirudisha mbali kabla ya kufanya jingine lolote. Chupa iliyo wazi, alisema, haipaswi kuwepo kwenye meza moja na mkono unaokoroga.

Ndipo tukaanza. Mimi nakoroga, yeye anamimina. Asidi ilikuwa inateleza kwenye ukuta wa ndani wa bika, uzi mwembamba, mililita 20 hivi, halafu anasimama. Kipimajoto kilipanda kutoka nyuzi 24 hadi 31. Tulisubiri kishuke kidogo, akaongeza fungu la pili. Mpaka wake ulikuwa nyuzi 50: kikifika hapo, hakuna tone linaloingia hadi kirudi 40. Si namba takatifu. Wapo wanaosimama kwenye 40. Muhimu ni kuwa na mpaka uliouweka kabla ya kuanza, kwa sababu mtu mwenye haraka huku anamimina hakosi kisingizio. Mafungu sita yalituchukua dakika kama ishirini. Mtungi wangu ulikuwa umetumia sekunde kumi.

Asidi ilipoisha tulisubiri tena, mchanganyiko urudi kwenye joto la chumba, ndipo tukauhamishia kwenye chupa ya kipimo ya lita moja. Hapa wengi huharibu kazi nzuri bila kuumia. Kimiminika cha moto kimetanuka. Ukijaza hadi mstari kikiwa na nyuzi 50, kitakapopoa kitashuka chini ya mstari kwa takriban mililita 10, na asidi yako itakuwa kali kuliko ilivyoandikwa. Wanafunzi arobaini watapata majibu yanayofanana, na yote yatakuwa na kosa moja.

Mwisho kuna jambo linalowachanganya hata walimu. Mililita 109 za asidi na mililita 891 za maji hazifanyi lita moja. Kiu ile ile inayotoa joto huzivuta chembe za maji na asidi karibu karibu, na ujazo unapungua. Kufikia lita moja kamili tulihitaji karibu mililita 920 za maji. Kwa hiyo maji ya mwisho hayapimwi kwa hesabu, huongezwa kidogo kidogo hadi mstari uguswe. Kisha tukafunga, tukapindua chupa taratibu mara kadhaa, tukaandika lebo: jina, molari 2, tarehe, na alama ya kuunguza.

Pale kanuni inapovunjwa bila kujua

Nilidhani tumemaliza, nikaichukua ile silinda kuipeleka bombani. Mzee akanishika mkono. Silinda ilikuwa bado na utando wa asidi iliyokolea na labda nusu mililita chini. Mtiririko mwembamba wa bomba juu ya asidi hiyo ni maji ndani ya asidi, kosa lile lile kwa kipimo kidogo, na wengi hurukiwa usoni hapo, wakiwa wameshavua miwani. Aliizamisha silinda nzima kwa kuilaza ndani ya ndoo iliyojaa maji. Asidi ndani ya maji, hata wakati wa kuosha. Chupa kubwa inayodhaniwa kuwa tupu hutendewa vivyo hivyo: huachwa ichuruzike kabisa ndani ya maji mengi kwanza.

Msomaji makini ataniuliza: kama maji juu ya asidi ni hatari, mbona aliyemwagikiwa huoshwa kwa maji? Jibu ni wingi. Maji kidogo hutoa joto na kulibakiza pale pale. Maji ya bomba yaliyofunguliwa kabisa hulibeba joto na asidi vyote kwa pamoja. Kwa hiyo aliyemwagikiwa hapakwi kitambaa chenye unyevu. Anawekwa chini ya maji yanayotiririka mara moja, nguo zilizolowa zikivuliwa humo humo, kwa dakika 20 au zaidi. Jicho huoshwa likiwa limefunguliwa kwa vidole, na hospitali hufuata. Magadi si dawa ya ngozi, kwa sababu asidi na magadi vikikutana hutoa joto jingine juu ya jeraha. Kazi yake ni sakafuni: asidi iliyokolea iliyomwagika huzingirwa kwa mchanga mkavu, na magadi hunyunyizwa kidogo kidogo mpaka povu liishe.

Na betri ya gari je?

Dereva anayefungua vifuniko vya betri na kuongeza maji amesoma hadi hapa kwa wasiwasi. Kila mwezi anatia maji ndani ya asidi, na haijawahi kumrukia. Sababu ni kwamba asidi ya betri iliyojaa chaji imeshazimuliwa hadi asilimia 37 hivi kwa uzito. Kiu yake kubwa ilishatulizwa kiwandani, na joto lake kubwa lilishatoka huko. Tone la maji ya betri linaloongezwa linakuta asidi iliyokwisha kushiba.

Kuitengeneza asidi hiyo mwenyewe ni kazi nyingine kabisa. Lita moja ya asidi ya betri inahitaji mililita 260 hivi za iliyokolea kwa mililita 800 za maji. Ikimiminwa bila kusubiri, joto lake lingepanda kwa zaidi ya nyuzi 80, na mchanganyiko ungekaribia kuchemka katika chombo cha plastiki ambacho fundi wa mtaani anakitumia. Viwandani hupozwa kwa mabomba ya maji muda wote. Gereji haina mabomba hayo, kwa hiyo hununua iliyozimuliwa tayari. Na betri iliyopungua kimiminika kwa kukauka haidai asidi: kilichoondoka ni maji, kinachorudi ni maji.

Kitako cha ule mtungi Mzee hakukitupa. Alikiosha, akakiweka rafuni juu ya kabati la asidi, kikiwa kama kisosi kilichokatwa kwa msumeno. Kila msaidizi mpya alipoingia na kuimba kanuni yake, alikishusha na kumwuliza aliyekivunja alikosea wapi. Wengi walisema alitanguliza asidi. Mimi nilikuwa nyuma yao, nikipanga bika, nikisubiri mmoja wao aulize maji yalikuwa kiasi gani.